Mtoto wa siku 5 kagoma kunyonya, kapoa, homa hana. Hii ni sepsisi au baridi ya ziwa?

KijanaWaZiwani
Wakuu mwakeye. Niende moja kwa moja maana simu ina chaji asilimia 30 na sola leo haikujaza. Mimi ni tabibu, nipo zahanati moja ya mwambao huku Uvinza kusini, huu mwezi wa nane tangu niripoti, na leo nipo na mhudumu mmoja tu.

Saa kumi jioni kaletwa mtoto wa kike wa siku 5, kilo 2.8. Kazaliwa hapa hapa kwetu. Mama anasema chupa ilipasuka usiku akiwa kwao, akafika kesho yake jioni, kajifungua bila shida na mtoto kalia. Siku tatu za kwanza kanyonya vizuri tu, jana akaanza kushika titi na kuachia, leo tangu asubuhi hashiki kabisa, ukimwekea anafungua mdomo halafu analala. Joto 35.1. Anapumua mara 66 kwa dakika, nimehesabu dakika nzima mara mbili. Kitovu kikavu hakina usaha, tumbo laini, macho yana manjano kidogo. Amelegea, mpaka nimfinye unyayo ndo anasogeza mguu.

Sasa homa hana, na bibi yake kashikilia kwamba ni baridi ya ziwa, kweli upepo wa kusini umepiga siku tatu hizi na nyumba yao iko ufukweni kabisa. Nina jenta za 80 mg, ampisilini za 500 mg na seftriaksoni za gramu moja. Vijiti vya sukari viliisha wiki mbili zilizopita. Nimepiga 115, gari litatusubiri upande wa pili, ila mwenye boti kagoma kutoka usiku huu, anasema labda alfajiri mawimbi yakipungua. Nimpashe joto nisubiri asubuhi au nianze dawa? Na nianze na ipi?

Dagaa_Mkavu
Umempima malaria mkuu? Kigoma hii mtu akilegea cha kwanza malaria. Mwanangu alilegea hivi hivi tukamkimbiza hospitali, kumbe wadudu wamejaa, kachomwa sindano za malaria kesho yake anacheza.

KijanaWaZiwani
Nimempima, kipimo cha haraka kimesoma hana. Wako alikuwa na umri gani?

Dagaa_Mkavu
Mwaka na miezi minne

MamaWodi_Tabora
Mdogo wangu, ya siku 5 na ya mwaka na nusu ni magonjwa mawili tofauti, usichanganyikiwe. Nipo wodi ya watoto wachanga mwaka wa kumi na saba huu, nisikilize. Anza dawa sasa hivi, rudi hapa baadaye usome sababu.

Ampisilini 50 mg kwa kilo, wako ni 140 mg. Chukua hiyo 500 mg, weka maji ya sindano 2.1 ml, ikishayeyuka jumla inakuwa kama 2.5 ml, maana yake kila ml moja ina 200 mg. Mpe 0.7 ml kwenye msuli wa paja. Jenta 5 mg kwa kilo kwa sababu yuko wiki ya kwanza na uzito wake ni mzuri, hiyo ni 14 mg. Ile ampuli ya 80 mg ina 2 ml, kwa hiyo ml moja ni 40 mg, mpe 0.35 ml paja la upande wa pili. Tumia sirinji ya ml moja, ile ya chanjo au ya insulini iliyoandikwa ml. Usipime 0.35 kwenye sirinji ya ml 5, utakuwa unabahatisha. Na usizichanganye kwenye sirinji moja, zikikutana zinaharibiana.

Halafu mvue nguo, abaki na nepi na kofia, muweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunge kitenge na blanketi juu. Mama akamue maziwa. Una mrija wa puani?

KijanaWaZiwani
Ninao wa namba 6. Nachoma sasa hivi.

DukaLaDawa_Kasulu
Mimi naona mnampotosha kijana. Ampisilini siku hizi imechoka, kila mtu anajua. Ana seftriaksoni hapo, dawa moja, sindano moja kwa siku, inaingia mpaka kwenye ubongo, inamaliza kila kitu, kwa nini aanze na za zamani. Na pili, maambukizi bila homa mimi sijawahi kuona, angesubiri picha kamili ya damu huko hospitali, chembe nyeupe zikiwa sawa basi ni baridi tu kama bibi anavyosema.

MamaWodi_Tabora
Kaka una nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndo inayoua. Seftriaksoni inaingia kwenye ubongo, hilo kweli, na wodini tunaitumia tukihofia homa ya uti wa mgongo. Ila soma tena alichoandika, mtoto ana manjano. Seftri inaisukuma ile manjano itoke kwenye protini iliyoishikilia kwenye damu, ikishakuwa huru inaweza kuingia kwenye ubongo wa mtoto mchanga. Halafu akifika hospitali akatundikiwa dripu ya Ringa, ile ina kalsiamu, kalsiamu na seftri zikikutana zinaganda kama mchanga mwembamba, na watoto wachanga wameshakufa kwa hilo. Wenzetu wenye uwezo wanatumia sefotaksimu badala yake, huku kuipata ni bahati.

Sasa homa. Mtoto mkubwa akipata maambukizi anapanda joto kwa sababu mwili una nguvu za kupanda. Huyu wa siku 5 mafuta anayo kidogo, nguvu hana, hata kutetemeka hawezi, na akiacha kunyonya kuni zimeisha jikoni, anapoa. Mimi kati ya watoto wachanga waliofia mikononi mwangu kwa sepsisi, waliokuja baridi ni wengi kuliko waliokuja moto. Chini ya 35.5 tunaihesabu dalili ya hatari sawa na homa ya 38.

Chembe nyeupe ndo usiniambie kabisa. Picha ya damu inaweza kuwa safi asubuhi na mtoto akafa jioni. Ikiwa mbaya inakusaidia, ikiwa nzuri haikupi ruhusa ya kulala.

DukaLaDawa_Kasulu
Haya mama, la Ringa sikulijua. Lakini hilo la ampisilini kuchoka sijaona umelijibu.

NesiKaliua
Kabla hajajibu niongezee la kipimajoto maana liliwahi kunipata. Siku moja nimeletewa mtoto, nikaweka kipimajoto cha betri kikaandika `Lo`, nikakitoa nikajua betri imekufa, nikatafuta kingine, nacho `Lo`. Nikaenda kuazima cha zebaki kwa jirani, kikasoma 35. Nikatulia, si 35 hiyo, sio mbaya sana. Kumbe cha zebaki hakishuki chini ya 35, mtoto angekuwa hata 31 kingesema 35. Na ile `Lo` haikuwa betri, ni mtoto kapoa kuliko kipimajoto kinavyoweza kusoma. Yule mtoto hatukumpata. Sasa hivi kila mtoto nashika tumbo na miguu kwa mkono wangu kwanza, tumbo likiwa la baridi sihitaji mashine iniambie.

KijanaWaZiwani
Nimechoma zote mbili saa 1:40 usiku. Mrija umeingia, mama kakamua 25 ml nimempa taratibu, hajatapika. Yuko kifuani kwa mama. Sukari ndo siwezi kupima, nifanyeje? Nina glukosi ya asilimia 50.

MamaWodi_Tabora
Huwezi kupima, chukulia imeshuka. Mtoto ambaye hajanyonya tangu asubuhi na amepoa, sukari huwa chini. Hayo maziwa uliyompa ndo dawa yenyewe, endelea kumpa kiasi hicho kila baada ya saa mbili au tatu usiku kucha, angalia tumbo lisijae. Ukifanikiwa kuweka kanula, glukosi ya asilimia 10, ml 2 kwa kila kilo, wako ni ml 5 na nusu hivi, polepole. Hiyo ya 50 usimpe ilivyo hata kidogo, inaunguza mshipa na inamvuruga. Chukua sehemu moja ya hiyo, changanya na sehemu nne za maji ya sindano, unapata ya asilimia 10. Ila usihangaike kuchoma mikono kumi ukitafuta mshipa wakati mtoto anapoa mezani. Mrija unatosha kwa leo.

Kama atapata degedege nalo liandike, na ujue la mchanga halifanani na la mkubwa. Atatafunatafuna mdomo kama ana pipi, au macho yanakwenda upande mmoja na kubaki huko, au miguu inapiga kama anaendesha baiskeli. Watu wanapita hapo wanasema mtoto anacheza.

BintiUjiji
Samahani kuingilia, mimi sio daktari. Hilo la degedege limenigusa. Kwetu wazee wanasema mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, na wifi yangu mwaka juzi alikataa mtoto asichomwe, wakamfukiza majani na kumpaka mafuta siku mbili. Alikuwa na siku 9. Kitovu kilikuwa kinanuka na kinatoa usaha, walisema ni mchango. Mpaka leo hatuongelei. Nauliza tu, kwa siku ile angechomwa angepona?

NesiKaliua
Pole sana dada. Nani anaweza kukuambia kwa uhakika, hakuna. Ila sindano haiui mtoto wa degedege. Wazee wameona watoto wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, wanachomwa, wanakufa ile ile saa, wakaunganisha. Kitovu kikinuka na ngozi inayozunguka ikawa nyekundu yule ni wa kubebwa siku hiyo hiyo.

MamaWodi_Tabora
Pole mwanangu. Wa wifi yako na huyu wa ziwani wote tunaita sepsisi lakini njia iliyoingilia ni tofauti, na hapo ndo jibu la kaka wa Kasulu linapoanzia.

Huyu wa ziwani chupa ilipasuka karibu siku nzima kabla hajazaliwa. Ikipita saa 18 wadudu wa njia ya mama wanapanda ndani, mtoto anawameza na kuwavuta akiwa bado tumboni. Hao kwa kawaida wanajionyesha mapema, siku tatu za kwanza, wengine wanahesabu mpaka siku saba. Vitabu vya Ulaya vitakuambia ni streptokoka wa kundi B. Kwetu huyo yupo lakini hatawali, wanaotawala ni wa tumboni, i-koli na Klebsiela, na stafilokoka wa ngozi anatokea kuliko unavyotegemea. Bugando Mwanza walishaotesha damu za wachanga, Klebsiela na stafilokoka ndo walikuwa mbele.

Wa siku 9 mwenye kitovu kibovu ni wa kuchelewa. Yeye kazaliwa salama, mdudu kamkuta duniani, kwenye kitovu, kwenye mikono yetu, au akiwa amelazwa basi kwenye kanula na vyombo vyetu. Kitovu chenye usaha au vipele vya usaha mwilini fikiria stafilokoka, pale ampisilini tunaiweka pembeni tunaweka kloksasilini, jenta inabaki.

Sasa kuchoka. Klebsiela hajaizoea ampisilini, yeye tangu kuumbwa kwake ampisilini haimgusi. Kwa hiyo kama mtoto huyu ana Klebsiela, dawa inayopigana usiku huu ni jenta peke yake, ampisilini iko pale kwa ajili ya streptokoka na wenzake na kuongeza nguvu. Ndo maana ukikosea dozi ya jenta umekosea kila kitu, na ndo maana mtu anayechoma ampisilini peke yake kwa sababu jenta imeisha hajatibu sepsisi ya huku kwetu. Seftri nayo usidhani ni mkombozi, Klebsiela wa wodini wengi wana kimeng'enya kinachoikata.

DukaLaDawa_Kasulu
Hapo umenijibu. Kwa hiyo hata ampiklox ya matone ninayouza kwa akina mama...

MamaWodi_Tabora
Hiyo kaka usiniulize mbele za watu 😅 Tone la mdomoni kwa mtoto asiyemeza linakwenda wapi? Mama anaondoka dukani anajua mtoto keshatibiwa, anakuja kwetu siku ya tatu. Akija mwenye mchanga asiyenyonya, mwelekeze kituo cha afya, usimuuzie kitu.

DukaLaDawa_Kasulu
Nikimnyima anaenda duka la jirani ananunua. Lakini sawa.

NesiKaliua
Mama wodi, mimi nina njiti hapa, kilo 1.7, siku ya 3, tunasubiri gari. Jenta yake kwa uzito huo mdogo ni 3 mg kwa kilo, inakuja 5.1 mg, kwenye ampuli ya 80 inakuwa 0.13 ml. Nitapimaje 0.13? Juzi mwenzangu kachoma nusu ampuli kwa makadirio.

MamaWodi_Tabora
Nusu ampuli ni 40 mg, hiyo ni karibu mara nane ya dozi ya mtoto wako. Figo na masikio ndo yanayolipa.

Fanya hivi. Vuta ampuli nzima ya ml 2 kwenye sirinji ya ml 10, ongeza maji ya sindano ml 6, inakuwa ml 8 zenye 80 mg, yaani 10 mg kwa kila ml. Tikisa. Sasa 5.1 mg ni 0.51 ml, unaiona kwenye sirinji ndogo bila kukodoa macho. Inayobaki mwaga, usitunze kwa ajili ya kesho. Huyu wa ziwani sikumwambia aongeze maji kwenye jenta kwa sababu angechoma 1.4 ml kwenye paja la mtoto wa kilo 2.8, ni nyingi, na 0.35 inapimika. Ukichoma kwenye kanula ongeza maji, haina shida.

Na bandika ukutani: wakishapita siku 7 hesabu inabadilika. Jenta inapanda mpaka 7.5 mg kwa kilo mara moja kwa siku, ampisilini inatoka kila saa 12 inakuwa kila saa 8. Watoto wengi wanalazwa siku ya 6, na siku ya 10 bado wanapewa dozi ya siku ya 6 kwa sababu hakuna aliyerudi kuangalia umri.

Tabibu_Mstaafu
Salaam. Nimesoma uzi wote. Bibi asidharauliwe, baridi ya ufukweni kweli inapoza mtoto. Enzi zetu tulikuwa tunampasha kwanza saa moja kifuani kwa mama, akichangamka na kunyonya tunamwacha, asipochangamka ndo tunachoma. Tuliokoa dawa na tukaepusha watoto sindano zisizo na sababu.

MamaWodi_Tabora
Shikamoo mzee. Kwa mtoto aliyepoa tu na bado ananyonya vizuri, nakubaliana na wewe, nami nafanya hivyo hivyo. Huyu ana kutonyonya, ana kupumua 66, ana kulegea mpaka afinywe. Saa moja ya kusubiri kwake ni ndefu. Akikutwa baadaye ilikuwa baridi tu, sindano moja ya kila dawa haijamdhuru.

Tabibu_Mstaafu
Marahaba. Kwa dalili hizo tatu kwa pamoja, haya. Ila msimfundishe kijana kuchoma kila mtoto wa baridi.

KijanaWaZiwani
Saa 4 usiku joto 36.0. Kupumua 62. Bado hashiki titi ila maziwa ya mrija yanakaa. Hivi na mwenye boti akikataa hata alfajiri? Kuna siku upepo huku unapiga wiki nzima. Nimesikia kuna utaratibu wa kutibu hapa hapa bila rufaa, jenta na amoksilini ya kunywa.

MamaWodi_Tabora
Upo, Shirika la Afya Duniani wameuruhusu tangu 2015 pale familia inaposhindwa kabisa kwenda. Jenta ya msuli mara moja kwa siku na amoksilini ya mdomo mara mbili kwa siku, siku 7, kwa uzito wake nusu ya kile kidonge cha 250 kinachoyeyuka. Lakini ule ni wa mtoto anayenyonya hafifu, anayeweza kumeza. Asiyenyonya kabisa, mwenye degedege au asiyeamka hayumo, yule ni wa kwenda. Ikishindikana kabisa endelea na sindano zote mbili, ampisilini kila saa 12, jenta kila saa 24, mrija, kifua cha mama, na kila asubuhi mpigie daktari wa hospitali.

Hapo ulipo andika kwenye karatasi ya rufaa, kwa herufi kubwa: dawa gani, mg ngapi, saa ngapi. Tena andika kwenye plasta umbandike mama mkononi, karatasi kwenye boti inalowa. Watoto wanafika kwetu tunaambiwa "alichomwa sindano", hatujui ipi, tunampa jenta ya pili ndani ya saa sita.

KijanaWaZiwani
Boti limetoka saa 11 alfajiri, mimi na mama na mtoto. Ampisilini ya pili nimempa tukiwa ziwani saa 1:40 asubuhi, boti likiyumba, muhudumu wa boti kanishikia tochi ya simu ingawa kumeshapambazuka 😂. Nitarudi.

NesiKaliua
Njiti wangu naye kaondoka. Mungu awape nafuu.

Mpiga_Zamu_Nzega
Nimeikuta leo. Niongeze la wodini maana kila mtu anaongelea chupa kupasuka. Hospitali niliyokuwa zamani, sitaitaja, ndani ya wiki mbili walikufa njiti kadhaa, wote walikuwa wanaendelea vizuri, wote wamepita siku ya tano, ghafla tumbo linajaa, wanaacha kupumua mara kwa mara, wanakuwa rangi ya majivu. Tukapandisha dawa, tukaenda seftri, hakuna kitu. Damu ilipooteshwa, Klebsiela, inakataa ampisilini, inakataa jenta, inakataa seftri. Amikasini ndo iliyoishika, na kwa wengine ilishachelewa.

Tukatafuta anatoka wapi. Tulikuwa na chupa moja ya maji ya chumvi, inafunguliwa asubuhi, kila nesi anavuta humo ml 1 ya kusafishia kanula, siku nzima, watoto wote. Sindano imeachwa imechomekwa kwenye kizibo ili kurahisisha. Niliyeichomeka mara nyingi ni mimi. Tukaanza kutumia vichupa vidogo vya maji ya sindano, kimoja mtoto mmoja kinatupwa, na kunawa mikono kabla ya kila kitanda, na kutoa kanula isiyotumika siku hiyo hiyo. Vifo vile vya ghafla vilipungua sana. Dripu za glukosi za kugawana nazo angalieni.

DukaLaDawa_Kasulu
Kwa hiyo mtoto wa wodini siku ya 8 mnaanza tena na ampisilini na jenta?

Mpiga_Zamu_Nzega
Hapo tunagombana kila siku. Daktari mmoja anasema anza na za kawaida uone saa 48, mwingine anasema mtoto kalala wodini wiki nzima, kashakutana na wadudu wa wodi, anza na amikasini moja kwa moja. Mimi njiti akishajaa tumbo sisubiri saa 48. Ila wote tukianza na amikasini, mwakani nayo haitafanya kazi, na meropenemu kwetu mzazi anaambiwa akanunue nje.

Tabibu_Mstaafu
Otesheni damu kabla ya sindano ya kwanza pale inapowezekana. Ml moja tu. Bila hivyo mtagombana mpaka mstaafu kama mimi.

KijanaWaZiwani
Nimerudi wakuu, siku ya nne leo. Mtoto yupo hai. Tulifika saa nne asubuhi, wakamwekea kanula, sukari walipima ilikuwa 3.1 kwa hiyo maziwa yalifanya kazi. Wameendelea na ampisilini na jenta zile zile, ile plasta mkononi kwa mama ilisomwa kweli, jenta hawakurudia. Siku ya pili alikuwa vile vile nikakata tamaa, jana jioni akashika titi mwenyewe, leo joto 36.9, anapumua 48. Damu hawakuotesha, walisema chupa za kuoteshea hazikuwepo. Manjano imepungua.

Sasa daktari wa asubuhi kasema siku 7, wa jioni kasema 10, kwa sababu maji ya uti wa mgongo hayakupimwa. Mama ananiuliza mimi.

MamaWodi_Tabora
Alhamdulillah. Degedege hakupata, utosi haujavimba, kaanza kunyonya ndani ya siku tatu, mimi ningeelekea 7. Lakini mimi sijamshika, na daktari wa jioni ana hoja, bila maji ya uti huwezi kuapa. Waambie wakae pamoja wakubaliane moja, mama asibebeshwe huo mzigo. Na leo huyo mtoto ana siku ngapi? Hesabu.

KijanaWaZiwani
Daah. Ana siku 9. Ngoja niwapigie kuhusu jenta.

BintiUjiji
Nashukuru kusoma kwamba huyu kapona. Mama yake aulize na la masikio, nimeona mmeandika juu huko jenta inaharibu masikio.

NesiKaliua
Kwa dozi iliyopimwa na siku 7 hatari ni ndogo, dada, ila ipo. Kipimo cha kusikia cha wachanga mikoa hii kukipata ni safari. Tunawaambia akifika miezi mitatu minne aangaliwe kama anageuka akisikia sauti ya mama yake, na hilo huwa tunalisema wakiwa tayari wameshika mabegi wanaondoka.